Kikombe cha Kumi na Moja

Wifi yangu alizaliwa na sauti ya kuuzia. Hata akikusalimia asubuhi ungedhani anakunadia kitu. Lakini nusu ya maisha yake hakuuza chochote. Alisukuma ndoo na fagio katika wadi ya wanawake, akafuta damu na matapishi ya watu asiowajua, na wagonjwa walikuwa wakimwita kitandani si kwa sababu kuna uchafu bali kwa sababu wanataka kucheka. Magoti yalipomgomea aliwaomba wakubwa wa hospitali wampe chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, pale kwenye ujia kati ya wadi na maabara, afungue mgahawa. Wakampa, kwa kodi. Akaweka kaunta ya mbao dirishani, mabenchi mawili nje, jiko la gesi ndani, na birika kubwa la bati ambalo halikupoa mpaka jioni. Hapo ndipo akawa Bi Birika, na hata madaktari wakasahau jina alilopewa na mama yake.

Mgahawa ni neno la heshima tu. Tuliuza chai ya maziwa, mkate na mayai ya kuchemsha, basi. Nasema tuliuza kwa sababu mimi ni mke wa mdogo wake, na alinichukua nimsaidie kuosha vikombe na kukata mkate. Yeye ananiita wifi, mimi namwita wifi. Tumegombana tangu wiki ya harusi yangu na sijui mtu mwingine ambaye ningependa kugombana naye zaidi.

Wateja wetu walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na wafanyakazi: manesi, watu wa maabara, walinzi, wasukuma machela. Na kulikuwa na wenye wagonjwa. Hawa wa pili ndio waliojaza mabenchi, kwa kuwa mtu aliyelaza mama yake au mtoto wake haendi mbali. Anakaa pale anapoweza kuuona mlango wa wadi, anashika kikombe kwa mikono yote miwili, na chai inapoa bila yeye kujua. Wifi aliwajua wote kwa namba za vitanda. "Mpe Kitanda cha Sita mkate wa katikati, hana meno," angesema, na Kitanda cha Sita, ambaye mwenye kitanda alikuwa dada yake wala si yeye, angecheka kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Mambo yaliharibika alipokuja jamaa wa mashine. Alifungua kibanda nje ya geti, mwavuli mwekundu, mashine ya kahawa inayonguruma, vikombe vya karatasi vyenye vifuniko. Wafanyakazi wakahama. Siwalaumu, mtu aliyesimama usiku mzima anataka kutoka nje kidogo, avute hewa isiyonuka dawa. Lakini kila nesi aliyepita mbele ya dirisha letu akielekea getini alimkata wifi kipande cha moyo. Kodi ikaanza kuchelewa, kwanza kidogo, halafu sana. Mwishowe katibu wa hospitali, mwanamume mpole mwenye tai ya kila siku, alikuja kusimama pale kaunta na kusema kwa sauti ya chini kwamba mwisho wa robo hii ya mwaka mkataba unaisha. Kama deni litakuwa limelipwa, ataandika mwingine. Kama halijalipwa, kuna mtu ameshaomba chumba.

"Nani?" wifi akauliza, na jibu analijua.

"Mwenye mashine, mama."

Usiku ule hakula. Na mimi niliogopa, kwa sababu yule mwanamke hakuwa na kitu kingine. Mume alishakufa, watoto Mungu hakumjalia, na magoti yale yasingerudi kwenye fagio. Wakimtoa kwenye ile stoo ya mashuka, angekuja kukaa kwetu kwenye kiti cha dirishani na kuzeeka kwa wiki moja.

Wazo la kadi alilitoa saluni. Alikwenda kusukwa, msusi akamwonyesha kadi ndogo: suka mara tano, ya sita nusu bei. Wifi alirudi kichwa kimependeza na macho yanawaka. Kesho yake alikwenda kwa mchapaji akarudi na bunda la kadi za njano, kila moja ina viboksi kumi na maneno CHAI YA BI BIRIKA. Ukinunua vikombe kumi, cha kumi na moja bure. Akanunua na kitoboleo, kile cha chuma kinachotoboa tundu la nyota.

"Wifi, na nani anakulipa hicho cha kumi na moja?" nikamuuliza.

"Hivyo kumi vinakilipa."

"Na kama angevinunua hivyo kumi bila kadi?"

"Wewe ungekuwa polisi," akasema. "Una roho ya polisi kabisa."

Akanifungia mdomo kwa hesabu, na hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Kikombe tulikiuza hamsini. Maziwa, majani, sukari na gesi vilitugharimu kama ishirini. Kwa hiyo kila kikombe kilituachia thelathini, na cha bure kilitupotezea ishirini. Kadi moja ikimfanya mtu anunue kikombe kimoja tu ambacho asingekinunua kwetu, basi imejilipa na chenji imebaki. Kikombe kimoja! Nani ashindwe kuvuta kikombe kimoja? Nikaenda kuosha vikombe.

Watu walizipenda zile kadi. Walipoanza kuzipoteza, wifi alizipigilia ukutani kwa pini, pembeni ya dirisha, kila moja imeandikwa kwa kalamu: Maabara Mrefu, Nesi wa Miwani, Mlinzi, Kitanda cha Nne, Kitanda cha Kumi na Mbili. Ukuta ukawa wa njano. Mtu anafika, ananyoosha kidole, wifi anatoboa, nyota ndogo inaanguka sakafuni. Mimi ndiye niliyefagia hizo nyota kila jioni, na nakuambia haziingii kwenye kizoleo hata umwite nani.

Fundi saa alikuwa wa Kitanda cha Kumi na Tisa. Mwanamume mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, kibanda chake kiko mjini na alikifunga tangu mkewe alipolazwa. Mkewe sisi tulimwona mara chache kupitia mlango, lakini sauti yake ilikuwa inatufikia kupitia kwa mumewe. Kadi ya kwanza ya fundi ilijaa upesi. Alikuwa anakunywa asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono ile. Wifi alipotoboa tundu la kumi alipiga kelele, "Mshindi! Fundi amenifilisi!" na benchi zima likacheka. Fundi hakukinywa kile kikombe cha bure. Alikifunika kwa sahani akampelekea mkewe.

Akarudi anatabasamu. "Anasema sukari umeificha wapi?"

"Mwambie imelazwa wadi ya wanaume," wifi akajibu.

Ukawa mchezo wao. Kikombe cha bure kikawa cha mama wa kumi na tisa, na kila kilipokwenda kilirudi na maneno: chai hii imeogopa maziwa, chai hii imeoshwa uso tu, mwambie Bi Birika nikitoka nitakuja kumfundisha. Wifi alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Nilimwona akiangalia kadi ya pili ya fundi na kuhesabu matundu yaliyobaki, kama mtoto anayengoja sikukuu.

Kadi ya pili ilipojaa, kikombe kilikwenda, kikarudi kimejaa.

"Hawezi kumeza vizuri leo," fundi alisema. Akakaa benchini akakinywa yeye, polepole. Wifi, kwa kutafuta la kufanya, alichomoa kadi mpya bundani akaandika Kitanda cha Kumi na Tisa, akashika kitoboleo.

"Hapana, dada," fundi akasema. "Usiniandikie hiyo."

"Ni bure, fundi. Haikudai kitu."

"Najua. Lakini ukiniwekea viboksi kumi, unaniambia nitakaa hapa vikombe kumi vingine. Mimi nataka kwenda naye nyumbani." Alisema kwa upole, kama anaomba radhi. "Nitanunua chai. Kadi sitaki."

Wifi aliikunja ile kadi akaitia mfukoni mwa aproni. Siku ile hakumpigia mtu kelele. Jioni, tukifunga, akaniambia, "Wifi, hivi mimi nimefanya nini? Nimewapa watu kadi ya kuhesabia siku za ugonjwa." Nilikuwa nimeifikiria ile kadi kwa upande wa pesa tu, na yeye kwa upande wa furaha, na sote wawili hatukuona kilichokuwa mbele ya macho yetu.

Sasa, upande wa pesa. Aliyetushtua ni muuza maziwa, na hata hakukusudia. Analeta asubuhi kwa baiskeli, anapima, anaondoka. Siku hiyo alikuwa anatazama ukuta ule wa njano na kutikisa kichwa kwa kustaajabu. "Bi Birika, biashara imepanda sana, eh? Lakini mbona umeniongeza nusu lita tu?"

Akaondoka na mikebe yake. Wifi akabaki amesimama na birika mkononi.

Nusu lita ya maziwa, ukiichanganya kwetu, inatoa vikombe vinne. Na vikombe vya bure, tulipohesabu kadi zilizojaa, vilikuwa vinatoka vinne hivi kwa siku. Pesa ya kwenye kopo ilikuwa ile ile ya kabla ya kadi. Hapakuwa na uchawi wowote: tulikuwa tunapika vikombe vinne zaidi na hakuna aliyevilipia. Robo ilikuwa imefika katikati, deni liko palepale, na sisi tunafagia nyota.

"Kwa hiyo kadi ni bure kabisa, nizichome," wifi akasema.

Lakini hakuzichoma. Ana kichwa huyu mwanamke, ila anapenda kukitumia akishakasirika. Alizichomoa kadi zote ukutani, na zile zilizojaa akazimwaga kutoka kwenye mkebe wake, akazitandaza juu ya kaunta tukiwa tumefunga. Akaanza kuniuliza moja moja.

"Nesi wa Miwani. Kabla ya kadi alikuwa anakunywa wapi?"

"Getini, kwa mashine."

"Na sasa?"

"Hapa."

"Mlinzi?"

"Getini. Sasa hapa, mara mbili kwa siku."

Akaweka kadi zao kushoto. Akachukua nyingine. "Kitanda cha Sita?"

"Hapa."

"Na sasa?"

"Hapa hapa."

"Tusingempa kadi angekwenda wapi?"

"Angekwenda wapi na mgonjwa amelala pale?"

Akaiweka kulia. Tukaendelea hivyo, na rundo la kulia likawa refu. Wafanyakazi walikuwa wachache, lakini kila kadi yao ilikuwa na vikombe vilivyotoka getini kuja kwetu. Wale wametulipa. Wenye wagonjwa walikuwa wengi, na wao wasingetuacha hata tungewauzia maji ya moto. Tena kwao ile hesabu ya ishirini ilikuwa ya kujidanganya. Mwenye mgonjwa angekinunua kile cha kumi na moja kwa hamsini yake, kama alivyonunua cha kumi. Tulikuwa hatumpi kikombe cha ziada. Tulikuwa tunamrudishia hamsini aliyokuwa ameshaishika mkononi kutulipa. Faida yote waliyotuletea wafanyakazi ilikuwa inatoka kwa mlango huo.

Kulikuwa na rundo la tatu, ambalo hakuna aliyelipanga. Kadi ambazo hazijatobolewa muda mrefu. Matundu matatu. Matundu sita. Moja ilikuwa na tisa. Wifi aliishika hiyo ya tisa akaigeuza.

"Huyu alikuwa yule binti wa viatu vya bluu. Walitoka, au?"

"Sijui, wifi."

"Kitanda cha Nane?"

"Yule walimtolea mlango wa nyuma."

Mlango wa nyuma ndio unaokwenda chumba cha maiti. Wifi alikuwa akizishika zile kadi moja moja na kuniuliza, na mimi nyingi sikujua. Ungetaka kuamini kwamba kadi isiyojaa ni mtu aliyekwenda nyumbani na mgonjwa wake akapika chai yake mwenyewe. Baadhi yao ndivyo. Nililia, nasema wazi, nikiwa nimeshika kitambaa cha kufutia kaunta. Wifi hakulia. Alifunga rundo hilo kwa mpira akaliweka nyuma ya kopo la sukari.

Halafu akaamua, na uamuzi wake ulikuwa sahihi. Mpaka leo nikirudia hesabu nafika pale pale. Kadi mpya zitakuwa za wafanyakazi tu. Mwenye mgonjwa ambaye kadi yake imeshaanza ataimaliza na atapewa kikombe chake, kwa kuwa ahadi ni ahadi. Ila hataandikiwa nyingine. Alibandika karatasi dirishani: KADI MPYA NI KWA WAFANYAKAZI WA HOSPITALI. TUNAOMBA RADHI.

"Watasemaje?" nikauliza.

"Watasema Bi Birika amekuwa mchoyo. Nitakuwa mchoyo mwenye chumba."

Wengine walisema kweli. Mama mmoja, mjukuu wake kalazwa mguu, alimaliza kadi yake, akapewa kikombe, akaomba nyingine, akaambiwa. Aliisoma ile karatasi kwa sauti, neno kwa neno, ili benchi lote lisikie. "Kwa hiyo wenye mishahara ndio wa kupewa bure," akasema. "Na sisi tunaouza mbuzi kulipia dawa?" Wifi alijibu kwa adabu. Alirudi ndani akasukuma birika jikoni kwa nguvu mpaka chai ikamwagika. Ila nusu lita ile ilijilipa. Wafanyakazi wakaongezeka, maana manesi wakiona mwenzao anatobolewa na wao wanataka kutobolewa, na pesa kwenye kopo ikaanza kupanda kwa mara ya kwanza. Alikuwa analipa deni kidogo kidogo kila Ijumaa, na katibu wa tai alianza kumsalimia akitabasamu.

Siku ninayotaka kuisimulia mstari ulikuwa mrefu. Ilikuwa baada ya madaktari kupita wadi, saa ambayo wote hutoka kwa pamoja. Yule bibi wa mjukuu alikuwa palepale mbele, bado ana kinyongo, anasubiri kuona nani atapendelewa. Nyuma yake akaja fundi saa. Alikuwa amekonda na yeye, shati bado limefungwa mpaka juu.

"Chai, dada," akasema. Akaweka hamsini. Halafu akasema, "Na nipe kadi."

Wifi alidhani hakumsikia vizuri. "Kadi?"

"Ile uliyotaka kuniandikia. Nipe mpya, yenye viboksi vyote kumi."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mkono umo kwenye ndoo ya vikombe. Nilimwona wifi anamtazama fundi, kisha anamtazama bibi, kisha karatasi aliyoibandika mwenyewe. Mstari wote ulikuwa unamtazama yeye. Angempa huyu, angemwambia nini yule? Na wale wengine saba waliokataliwa wiki hiyo?

"Fundi, tumezisitisha," akasema. "Ni za wafanyakazi tu sasa. Nisamehe."

"Aa," fundi akasema. "Sikuisoma." Akaitazama karatasi, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa kipuri cha saa yake hakipatikani. "Basi, hakuna shida."

Akachukua chai yake akaenda kukaa mwisho wa benchi. Hakuinywa. Mstari ukasogea. Baadaye nilipokwenda kukusanya vikombe nilikuta chake kimejaa, kina utando juu, na yeye ameshaingia ndani.

Sikuelewa, wala wifi hakuelewa. Wifi alikuja kuelewa jioni, Nesi wa Miwani alipokuja kutobolewa kadi yake. Wifi alimuuliza tu kwa mazoea, "Wa kumi na tisa anaendeleaje?"

Nesi akavua miwani, akaifuta. "Asubuhi daktari alimwita mume. Alimwambia hakuna tena la kufanya, wanahesabu siku. Labda hizo zenyewe hazifiki."

Wifi alisimama na kitoboleo wazi mkononi. Nesi alipokwisha kwenda aliingia ndani akakaa juu ya kreti ya mkate.

"Wifi," akaniambia. "Alikuwa anataka siku."

"Najua."

"Alikataa kadi kwa sababu siku zilikuwa nyingi. Leo amekuja kuziomba hizo hizo. Viboksi kumi tu. Mimi nimemwambia ni za wafanyakazi."

"Ulikuwa na mstari, wifi. Ulikuwa na yule bibi."

"Nilikuwa na hesabu," akasema. "Kikombe kimoja, wifi. Nimekataa kikombe kimoja, na pengine asingefika hata kukidai."

Asubuhi alifika kabla yangu. Birika kubwa hakuliweka jikoni. Nilimkuta amechukua kadi mpya bundani, ameandika Kitanda cha Kumi na Tisa kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na amechemsha chai kikombe kimoja kwenye sufuria ndogo, maziwa matupu, sukari ya kutosha. Alikifunika kwa sahani akaingia wadi mwenyewe, kwa magoti yale, ambayo hayakuwa yamepita mlango ule tangu aache fagio. Mimi nilibaki ujiani.

Alitoka upesi. Chai bado alikuwa nayo, na kadi ameiweka juu ya sahani.

"Godoro limeinuliwa," akasema. "Wanalipangusa."

Nilimpokea kikombe. Nilimuuliza kuhusu fundi, akasema ameondoka alfajiri na ndugu zake, kwa mlango wa nyuma. Tulisimama pale ujiani wanawake wawili wazima, hatujui pa kuiweka ile chai. Mwishowe aliimwaga kwenye sinki na kusuuza kikombe mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kwa kuwa vikombe ni kazi yangu.

Fundi hakurudi. Kwa nini arudi? Hakuna mtu anayekuja hospitali kunywa chai. Nilipita mjini siku moja nikaona kibanda chake kimefunguliwa, yeye ameinama na kile kioo chake jichoni, nikavuka barabara nisimkabili.

Robo ilipoisha wifi alivaa gauni lake la kitenge, akaenda ofisi ya katibu na bahasha ya mwisho. Nilibaki dirishani na roho juu. Alirudi na mkataba umepigwa muhuri, miaka miwili, chumba ni chake. Nilimkumbatia, nikapiga kigelegele kimoja kidogo cha hospitali, cha chinichini. Akaniachia, akaingia ndani, akakaa juu ya kreti ya mkate akiwa na karatasi ile mapajani. Nilidhani anapumzisha magoti.

"Kadi imejilipa, wifi," akasema. "Imejilipa, na faida juu." Ndipo akalia, sauti yake yote ile ya kuuzia, mpaka watu wa maabara wakatoa vichwa mlangoni.

Nesi wa Miwani alikuwa ameshafika kaunta, anasubiri chai, kidole chake kiko kwenye kadi yake ukutani. Nikafuta mikono, nikachukua kitoboleo, nikamtobolea mimi.